Lori na gari dogo: nani humsukuma mwenzake zaidi?

Lori la tani 20 likivaana uso kwa uso na gari la tani 1, lipi husukuma zaidi?

Hakuna. Msukumo huzaliwa pale bati linapogusana na bati, na mguso huo ni mmoja kwa wote wawili. Isaac Newton aliliandika hili mwaka 1687.

Mbona basi wa gari dogo ndio huumia zaidi?

Kwa sababu msukumo uleule unakuta mizigo tofauti. Tuseme kila moja lilikuwa kwenye kilomita 63 kwa saa, kisha yakanasana. Yataendelea pamoja kuelekea lilikokuwa likienda lori, kwa kilomita 57. Dereva wa lori amepoteza kilomita 6 tu. Wa gari dogo ametoka 63 mbele hadi 57 kinyumenyume: badiliko la 120, mara 20 ya mwenzake, kama uzito ulivyopishana. Badiliko hilo la ghafla ndilo linalovunja mbavu.

Na kubondeka?

Hilo ni suala la uimara wa bodi. Fremu ya lori ni chuma kinene, tena iko juu. Mara nyingi huipita bampa ya gari dogo na kufikia kioo.