Familia ya Steam na Gemu Inayofunguka Bila Intaneti

Anayenunua gemu kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta la kampuni ya Valve, hapati faili peke yake. Anapata pia leseni iliyosajiliwa kwenye akaunti yake. Faili zinaweza kuwa zote zimekaa kwenye diski, lakini gemu inapofunguliwa programu ya Steam huangalia kwanza kama akaunti iliyoingia inaruhusiwa kuicheza. Intaneti ikiwepo, jibu hutoka kwenye seva za Valve. Isipokuwepo, Steam hutegemea kumbukumbu ya ruhusa iliyokwisha kuhifadhiwa ndani ya kompyuta ileile. Ndiyo maana gemu inayogoma bando likiisha huwa mara nyingi haina ubovu wowote. Kilichokosekana ni maandalizi, na maandalizi hayo hufanyika mtandao ukiwa bado upo.

Suala hili huwa na uzito zaidi pale ambapo mchezaji si mnunuzi. Kwa miaka mingi Steam ilikuwa na mfumo wa kuazimana gemu, ulioanza mwaka 2013, wenye masharti mawili yaliyoudhi. Mwenye gemu alipoanza kucheza chochote, maktaba yake nzima ilifungwa kwa wengine, na aliyeazima alilazimika kuwa mtandaoni muda wote. Septemba 2024 Valve ilikamilisha mfumo mpya uitwao `Steam Families`. Humo watu wasiozidi 6 wa nyumba moja huunganisha maktaba zao, kila mmoja akibaki na akaunti yake na nenosiri lake. Mmoja anaweza kucheza gemu ya mwenzake huku mwenyewe akicheza nyingine, maendeleo ya kila mchezaji huhifadhiwa peke yake, na gemu za familia zinaruhusiwa kuchezwa bila intaneti. Kilichobaki palepale ni kwamba nakala moja ni ya mchezaji mmoja kwa wakati mmoja. Wawili wakitaka kucheza gemu ileile pamoja, zinahitajika nakala mbili.

Familia huundwa kwenye menyu ya `Steam`, chini ya `Settings`, katika kipengele cha `Family`. Mtu mzima huianzisha, kisha hualika wengine na kumpa kila mmoja nafasi ya mtu mzima au ya mtoto. Hapa inafaa kutulia kabla ya kubonyeza. Mtu mzima akitoka kwenye familia hawezi kuingia nyingine mpaka mwaka mmoja upite tangu alipojiunga na ile ya kwanza, na nafasi aliyoiacha nayo hungoja vivyo hivyo. Tena, mwanafamilia akifungiwa kwa udanganyifu katika gemu aliyoiazima, mwenye gemu naye anaweza kufungiwa katika gemu hiyo. Kwa hiyo si mpango wa kumwingiza rafiki wa rafiki.

Si kila gemu huingia kwenye maktaba ya pamoja. Watengenezaji wana haki ya kukataa, na gemu zinazodai usajili au akaunti ya kampuni nyingine mara nyingi hubaki nje. Njia ya haraka ya kujua ni kufungua ukurasa wa gemu dukani na kutazama orodha ya sifa zake. Maneno `Family Sharing` yakiwepo, gemu hiyo inashirikishwa.

Chukua nyumba ambamo kaka amenunua Stardew Valley, gemu ya kilimo iliyotoka mwaka 2016, na mdogo wake ana kompyuta yake ambayo anakwenda nayo likizo mahali pasipo na mtandao wa uhakika. Gemu hii ni nyepesi, nusu gigabaiti hivi, na haihitaji seva yoyote kwa mchezaji wa peke yake. Baada ya kukubali mwaliko wa familia, mdogo anaingia Steam kwa akaunti yake mwenyewe katika kompyuta hiyo na kuweka alama kwenye `Remember me`. Bila alama hiyo Steam itamdai nenosiri siku ambayo hakuna seva ya kulithibitisha. Kisha anaikuta gemu kwenye maktaba, anabonyeza `Install` na kusubiri mpaka kitufe kisomeke `Play`. Kikisomeka `Update`, kuna sehemu haijapakuliwa, na gemu katika hali hiyo haitafunguka bila intaneti.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa na wengi: kuifungua gemu mara moja mtandao ukiwepo. Katika ufunguzi wa kwanza gemu nyingi husakinisha vifaa vidogo vya Windows wanavyovitegemea waliozitengeneza, na ruhusa ya akaunti hiyo huthibitishwa kwenye kompyuta hiyo. Ufunguzi uliofanywa na kaka kwenye mashine yake hauhesabiki hapa. Gemu ikishafika kwenye menyu yake, mdogo anaifunga, anaingia menyu ya `Steam`, anachagua `Go Offline...` na kukubali. Steam hujiwasha upya ikiwa nje ya mtandao. Hii isichanganywe na kujiweka `Offline` kwenye orodha ya marafiki, ambako ni kujificha tu wasikuone, huku programu ikiendelea kuwasiliana na seva kama kawaida.

Kipimo cha kweli hufanyika nyumbani kabla ya safari. Anazima Wi-Fi kabisa, anafunga Steam, anaiwasha tena na kubonyeza `Play`. Stardew Valley ikifunguka, itafunguka na huko aendako. Ikigoma, bado kuna nafasi ya kurudisha mtandao na kutafuta sababu.

Sababu zenyewe kwa kawaida ni chache. Ya kwanza ni sasisho lililoachwa nusu, nalo huonekana kwenye ukurasa wa `Downloads`. Ya pili ni gemu yenye programu yake ya kuifungulia, kama zile za Ubisoft au Electronic Arts. Hapo Steam inaweza kuwa tayari, lakini programu ya pili ikataka kuingia kwenye akaunti yake mtandaoni. Ya tatu ni ulinzi dhidi ya wizi wa gemu, hasa ule uitwao Denuvo, ambao huhitaji kila kompyuta mpya ithibitishwe kupitia intaneti na huweza kudai uthibitisho tena baada ya mabadiliko ya mfumo. Ukurasa wa gemu dukani hutahadharisha kwa maneno `Incorporates 3rd-party DRM`. Na ziko gemu kama PUBG zinazochezwa na watu wengi kwenye seva. Hizo hakuna maandalizi yatakayozifungua bila intaneti, kwa sababu mchezo wenyewe uko huko.

Mtandao ukirudi, `Go Online...` hurudisha mawasiliano, na Steam hutaka kulinganisha kumbukumbu za mchezo zilizo kwenye kompyuta na nakala zilizo kwenye hifadhi yake ya mtandaoni. Mdogo huyo akiwa amecheza kwenye kompyuta moja tu, maendeleo yake hupandishwa bila swali. Lakini kama kabla ya safari alicheza pia kwenye mashine nyingine na maendeleo hayo hayakushuka kwenye hii, Steam itamwonyesha nakala mbili na kumtaka achague moja. Tarehe na saa huandikwa kando ya kila nakala, na itakayoachwa hufutwa na ile iliyochaguliwa. Stardew Valley huhifadhi maendeleo mhusika anapolala usiku, kwa hiyo saa iliyoandikwa ni ya siku ya mwisho ya shambani iliyokamilika. Mwenye shaka anaweza kwanza kunakili folda ya `%appdata%\StardewValley\Saves` mahali pengine, ndipo achague.