Sare Sita, Makeshia Wanne

Jumatatu hiyo tulikuwa tunafungua tawi jipya la duka upande wa Mbezi, Dar es Salaam. Ilipofika saa 1 na nusu asubuhi nilikuwa nimeshapanga sare sita juu ya kaunta, kila moja na kibandiko cha jina kifuani. Makeshia walikuja wanne. Saa 2 kamili meneja wa tawi alifungua mlango, wateja wakaanza kuingia, na sare mbili bado zilikuwa pale pale mezani.

Kila anayeajiri anaijua hali hii. Mtu ameleta maombi, amesailiwa, amepiga simu mara mbili kuulizia majibu, amesaini mkataba, halafu siku ya kuripoti anaingia mitini. Nimefanya kazi ya utumishi kwenye maduka kwa miaka kumi na moja, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilifanya nilichowaona wakubwa zangu wakifanya: nilikasirika, nikakata jina, nikaanza kutafuta upya. Siku ya Mbezi haikuruhusu hasira, kwa sababu foleni ilikuwa imeshafika kwenye rafu za sabuni.

Saa 2 kasoro dakika 10 nilikuwa nimewapigia wote wawili. Simu ya kwanza iliita bila kupokewa, ya pili ilikuwa imezimwa. Nikawaandikia ujumbe mmoja unaofanana: “Habari za asubuhi, dada. Hapa ni ofisi ya utumishi ya duka. Tulikutegemea leo saa 1:30. Uko salama? Kama umekwama njiani, njoo tu, tunakusubiri mpaka saa 6 mchana. Kama umepata kazi nyingine tuambie, hatutakulaumu.” Swali la usalama nililitanguliza kwa makusudi. Mtu aliyefiwa au aliyepata ajali akifungua simu na kukuta lawama, hatajibu, na utamhesabu mtoro mtu ambaye usiku kucha alikuwa hospitali.

Kwenye fomu zao kulikuwa na namba ya ndugu wa karibu. Namba hiyo hutumika kwa uangalifu. Unauliza kama mhusika ni mzima na unaomba akupigie, basi. Husemi ameajiriwa wapi wala kwamba hakutokea, kwa sababu huenda nyumbani hawajui kama anahama kazi.

Saa 6 ilipofika nilichukua orodha ya akiba. Hili ndilo jambo moja tulilokuwa tumelifanya vizuri. Siku ya usaili tuliwaambia waziwazi waliopata nafasi ya saba na ya nane kwamba tunachukua sita, wao wamefaulu, na nafasi ikitokea ndani ya wiki nne tutawapigia. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hufanya hivyo kwa njia ya kanzidata: waliofaulu usaili wakakosa nafasi huhifadhiwa humo, na nafasi inayofanana ikipatikana huitwa bila kusailiwa tena. Duka halihitaji mtambo wa aina hiyo. Linahitaji karatasi moja yenye majina mawili ya watu wanaojua kwamba wamo. Wa saba alipokea simu na kuahidi kuja Jumanne. Wa nane alikuwa ameshaanza kazi kwingine, kwa hiyo tukaazima keshia mmoja kutoka tawi jingine.

Majibu yalikuja yenyewe. Yule ambaye simu yake iliita aliandika jioni: “Samahani kaka, nilipata sehemu nyingine wiki iliyopita. Niliona haya kukwambia.” Wa pili alitokea Jumatano asubuhi, macho mekundu. Mama yake alikuwa amelazwa Muhimbili tangu Jumapili, na simu ilikuwa imeisha chaji. Tulizungumza kwa dakika kumi hivi. Sikumdai cheti cha daktari, nilimuuliza mgonjwa anaendeleaje na nani atakuwa anamwangalia mchana. Nafasi moja ilikuwa bado wazi, akavaa sare yake. Kama zote zingekuwa zimejazwa ningemwambia ukweli huo na kumweka wa kwanza kwenye akiba, kwani kanuni ya saa 6 inatakiwa iwe ya kweli kwa kila mtu, la sivyo wa saba naye atakuja kuambiwa arudi nyumbani.

Yule wa kwanza ndiye aliyenipa kazi ya karatasi. Alikuwa amesaini mkataba. Je, ni mfanyakazi aliyeacha kazi, au hajawahi kuwa mfanyakazi? Wengi hukimbilia Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, ambazo zinahesabu kutokuwepo kazini zaidi ya siku 5 za kazi, bila ruhusa wala sababu inayokubalika, kuwa miongoni mwa makosa yanayoweza kumwachisha mtu kazi baada ya kusikilizwa. Kanuni hizo zinamfaa aliyeanza kazi kisha akatoweka. Kwa ambaye hajafika hata siku moja, dawa ni sentensi iliyomo ndani ya barua ya ajira kabla hajaisaini: kwamba asiporipoti kufikia siku na saa fulani bila taarifa, ajira haitaanza na nafasi atapewa mwingine. Sentensi hiyo ikiwepo, unamwandikia ujumbe mfupi kumjulisha kuwa imetumika, unauweka kwenye faili, na yamekwisha. Kumdai fidia mahakamani ni kupoteza muda wako na wake.

Halafu ondoa jina lake kila mahali siku hiyo hiyo. Tarakilishi ya mishahara haijui kama mtu alifika au hakufika. Ikiwa mhasibu aliingiza majina sita kwa mujibu wa mikataba, mwisho wa mwezi italipa sita. Tanzania tulishasikia vya kutosha habari za watumishi hewa serikalini mwaka 2016, na hewa ya dukani huanza hivi hivi, kwa jina lililosahaulika. Siku hizi simwingizi mtu kwenye mishahara wala sijazi fomu zake za NSSF mpaka awe amesaini daftari la mahudhurio kwa mkono wake.

Kuna kishawishi kingine, na nakichukia. Maofisa utumishi tuna makundi yetu ya simu, na mara kwa mara mtu hurusha picha ya kitambulisho cha mwombaji na maneno “huyu hafai, haji kazini.” Yule binti aliyeona haya angekuwa amefungiwa milango ya mji mzima kwa kosa la kukosa ujasiri wa kusema hapana. Zaidi ya ukatili, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: taarifa alizokupa mtu ili aombe kazi si mali yako ya kusambaza. Kwenye faili letu niliandika tarehe, saa tulizompigia na jibu lake.

Baada ya wiki hiyo nilirudi nyuma kuutazama usaili wenyewe. Tuliita watu 30, wakaja 17. Nilikaa alasiri nzima nikiwapigia wale 13, si kuwagombeza, kuwauliza tu. Niliwapata 11. Wanne walikuwa na kazi, au walikuwa wamepata kazi siku chache kabla. Wawili hawakuwa na nauli: usaili ulikuwa Mbezi, mmoja anakaa Mbagala, mwingine Kigamboni, na ilikuwa tarehe 22, siku ambazo mifuko ya wengi imekauka. Wawili walidhani sisi ni matapeli. Walipigiwa na namba wasiyoijua wakaambiwa waje na nakala za vyeti, na kila mmoja wao alikuwa ameshawahi kuombwa hela ya “fomu” na mtu wa namna hiyo.

Watatu waliobaki ndio walionishtua. Ujumbe wetu ulisema usaili ni “saa 8:00”. Sisi tulimaanisha saa 2 asubuhi, tumeiandika kama inavyosomeka kwenye simu. Wao walisoma kama Mswahili anavyosoma, wakaja saa 8 mchana, wakamkuta mlinzi akiwaambia usaili umeisha. Kwenye daftari langu walikuwa wameandikwa “hawakufika.”

Ujumbe tunaotuma sasa ni mrefu kidogo. Unataja jina la duka, kazi aliyoiomba na tarehe aliyoiomba, ili ajue si utapeli. Unasema wazi kwamba hakuna malipo yoyote. Saa imeandikwa “saa 2 asubuhi”, na mahali pametajwa kwa kituo cha daladala cha kushukia. Mstari wa mwisho unasema: “Jibu 1 kama unakuja, 2 kama unaomba siku nyingine, 3 kama huji tena.” Namba 3 ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Kwetu sisi kumkatalia mtu aliyekupa nafasi ni utovu wa adabu, kwa hiyo watu husema “nitakuja, Mungu akipenda” hata wakiwa wameshaamua kutokuja. Kubonyeza namba hakumlazimishi mtu kutafuta maneno ya kukataa.

Kilichobaki kilikuwa kosa letu la kimya. Yule aliyepata sehemu nyingine tulimsaili tarehe 22, tukampigia kumpa kazi wiki tatu baadaye. Katikati hapo hakusikia lolote. Mtu hawezi kuishi kwa matumaini wiki tatu wakati kodi ya chumba inamsubiri. Sasa jibu linatoka ndani ya siku tano, hata kama ni la kusema bado. Na kabla ya kupanga tarehe ya kuanza tunamuuliza kila mmoja kama ana kazi kwa sasa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza kazini, atoe notisi isiyopungua siku 28. Ukimwambia aanze Jumatatu ijayo atakubali, kwa kuogopa kukosa, halafu bosi wake atamkatalia na wewe utabaki na sare mezani.

Siku tatu kabla ya kuanza, meneja wa tawi mwenyewe humpigia, si mimi. Anamweleza ataingia zamu gani, atamkuta nani mlangoni, chakula cha mchana kikoje, na kwamba mshahara wa kwanza utatoka tarehe fulani, kwa hiyo ajipange na nauli mpaka hapo. Ambaye hana nauli tunamkopesha ya wiki mbili na kuikata baadaye, kwa makubaliano ya maandishi. Mbagala na Kigamboni ndizo zilizotufundisha hilo.

Mwaka uliofuata tuliajiri wanne kwa ajili ya tawi jingine. Jumapili jioni, saa 1 na robo, ujumbe wa mmoja wao uliingia kwenye simu ya ofisi. Ulikuwa na tarakimu moja tu: 3. Saa 2 usiku nilikuwa nimeshampigia wa tano, na asubuhi nilipofika alikuwa amesimama nje ya geti, ananisubiri.