Njia za Kukusanya Oda Katika Ghala la Duka la Mtandaoni

Kukusanya oda ni kutoa rafuni bidhaa alizonunua mteja na kuzifikisha kwenye meza ya kufungashia. Anayeifanya kazi hii hutumia muda mwingi kutembea kuliko kushika bidhaa. Makadirio yaliyozoeleka katika fani hii ni kwamba mwendo hula takriban nusu ya muda wake. Njia za kukusanya hutofautiana hasa kwa namna zinavyoupunguza mwendo huo na kwa gharama inayojitokeza mahali pengine.

Iliyo rahisi kuliko zote ni kukusanya oda moja moja: mkusanyaji huzunguka na oda ya mteja mmoja, huikabidhi, kisha hurudi kwa nyingine. Bidhaa za wateja wawili hazikutani, na mfanyakazi mgeni huielewa siku hiyohiyo. Oda ya bidhaa 30 inaistahili njia hii, maana inajaza kitoroli peke yake. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi wa mtandaoni huagiza kitu kimoja au viwili tu.

Kwa oda ndogo hizo, njia ya mkupuo huleta tofauti kubwa. Mfano wa oda 12 zenye jumla ya bidhaa 18 unatosha kuonyesha. Ikiwa kila oda peke yake inadai mzunguko wa mita 300, zote zinafika mita 3,600, ambazo kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde ni saa nzima ya kutembea. Zikikusanywa kwa pamoja, mkusanyaji hupita kila ujia mara moja, pengine mita 600, yaani dakika 10. Kutafuta na kuskani bidhaa 18, kwa sekunde 15 kila moja, ni dakika nne na nusu kwa njia zote mbili. Mkupuo huongeza kazi ya kutenganisha: kitoroli huwa na vyumba 12, na sekunde 5 za kuiweka kila bidhaa katika chumba chake ni dakika moja na nusu. Jumla ni dakika 16, dhidi ya dakika 64 na nusu.

Udhaifu wake uko papo hapo kwenye vyumba hivyo. Chaja ya chumba cha 4 ikitumbukizwa cha 5, na kifuniko cha simu cha chumba cha 5 kikaenda cha 4, wateja wawili hulalamika kwa pamoja. Malalamiko yanayokuja mawili mawili kutoka kitoroli kimoja ni dalili ya wazi kwamba kosa limetokea wakati wa kutenganisha, wala si rafuni. Dawa yake ni kuskani lebo ya chumba baada ya kuskani bidhaa. Oda za kitu kimoja hazihitaji hata hayo: zote huingia kreti moja, na mfungashaji anapoiskani bidhaa, mfumo humpa lebo ya mteja yeyote anayeisubiri. Ndiyo maana ni busara oda hizo zitengwe kabla ya kupanga mikupuo.

Njia ya kanda hugawa ghala lenyewe. Kila mkusanyaji hubaki katika eneo lake, na kreti hupokezwa kutoka kanda hadi kanda mpaka oda ikamilike. Mfanyakazi huzijua rafu zake vizuri, na msongamano kwenye ujia hupungua. Lakini bidhaa inayovuma ikilundikana kanda moja, kreti hujipanga foleni hapo huku jirani akikosa kazi. Kuhamisha baadhi ya bidhaa hizo husaidia. Mwaka 1996 John Bartholdi na Donald Eisenstein walieleza suluhisho zuri zaidi: mipaka isiwe ya kudumu. Mtu wa mwisho akimaliza oda, hurudi nyuma na kuichukua kazi ya aliye kabla yake, naye hufanya vivyo hivyo. Wakipangwa kuanzia mwenye kasi ndogo hadi mwenye kasi kubwa, kazi hujisawazisha yenyewe.

Njia ya awamu ni ya aina tofauti, kwa kuwa haipangi mwendo bali wakati. Oda za lori la saa 8 mchana hutolewa kwa pamoja, kisha za lori la saa 11 jioni, na ndani ya kila awamu mikupuo au kanda huweza kutumika. Awamu hurahisisha kulipakia lori kwa wakati. Hata hivyo, mwishoni mwa kila awamu watu hukaa wakisubiri bidhaa chache zilizochelewa, na meza za kufungashia huwa tupu mwanzoni kisha hufurika. Oda ya haraka inayoingia awamu ikiwa imeshaanza hulazimika kusubiri inayofuata. Ghala lenye malori mengi na oda zisizokatika hufanya vyema zaidi likizitoa oda mfululizo, mfumo ukizipa kipaumbele zile ambazo saa ya lori lake imekaribia.