Nywele nyeusi, kartoni ya 7: namna ya kusoma namba za rangi mbele ya kununua

Chukua mufano wa dada mmoja wa Kadutu, katika muji wa Bukavu. Siku ya posho mudogo wake anaolewa, na yeye anataka nywele za rangi ya asali. Anaingia kwenye duka ya vipodozi, anaona kartoni yenye picha ya mwanamuke mwenye nywele kama hizo, na pembeni ya picha kumeandikwa 7.3. Analipa, anarudi nyumbani, anapaka, anangojea nusu saa, anaosha.

Kwenye kioo anakuta rangi tatu pa kichwa kimoja. Karibu na ngozi nywele zimekuwa nyekundu sawa tofali. Katikati zina wekundu kidogo, unaoonekana tu akisimama kwenye jua. Na kwenye ncha zimebaki nyeusi vilevile, kama vile hakupaka kitu. Atasema labda kartoni ilikuwa ya uongo ao ilikuwa imepita muda. Lakini kartoni ilikuwa nzuri. Ni namba ambayo haikusomwa, na namba yenyewe ya kwanza kusoma haiko kwenye kartoni, iko pa kichwa chake.

Namba ya kwanza: weusi ao weupe

Watengenezaji wa rangi wanapima nywele kwa ngazi, ambazo makoafeze wengi wanaita nivo. Nivo zinaanza pa 1 na kufika 10. Moja ni nyeusi kabisa, kumi ni blondi nyeupe sana. Kati ya hizo, 2 na 3 ni kahawia nzito ambayo macho mengi yanaona kuwa nyeusi. 4 ni shateni, kahawia ya kawaida, na 5 ni shateni ya kuangaza. Kuanzia 6 mutu anaingia kwenye blondi: 6 ni blondi nzito, 7 blondi, 8 blondi ya kuangaza, na kuendelea mpaka juu. Namba ikipanda, nywele zinakuwa za kuangaza. Namba ikishuka, zinakuwa nzito.

Nyuma ya nivo kuna pointi, mukato ao kistari, kisha namba ingine. Hiyo ya pili haisemi tena weusi ao weupe. Inasema ni rangi gani inayoonekana ndani wakati mwanga unapiga nywele, ile wanaita refle. Kwa kampuni nyingi zinazofuata mupango wa Kifaransa, .1 ni majivu, .3 ni zahabu, .4 ni shaba, na .6 ni nyekundu. Kwa hiyo 7.3 ni blondi yenye zahabu, na 4.6 ni shateni yenye wekundu. Kukiwa namba mbili nyuma ya pointi, ya kwanza njo yenye nguvu, ya pili inasaidia tu. Kampuni zingine zinatumia herufi ao zinabadilisha maana ya refle fulani, ndiyo maana inafaa kusoma maelezo ya kampuni ileile, si kukumbuka ya kartoni ya mwaka uliopita.

Kusoma kichwa mbele ya kartoni

Makoafeze wana karatasi ya rangi, yenye vipande vya nywele vilivyopangwa kutoka 1 mpaka 10. Namna ya kuitumia ni kutafuta kwanza pale mutu anapotoka, halafu tu pale anapotaka kwenda.

Nywele ziwe safi na kavu, bila mafuta, maana nywele zenye maji ao mafuta zinaonekana nzito kuliko zilivyo. Mutu asimame karibu na dirisha muchana, si chini ya ampuli ya manjano. Koafeze anainua kifungu kidogo cha nywele kutoka kwenye ngozi, anakipanua ili mwanga upite ndani, na kuweka kipande cha karatasi pembeni. Anaangalia karibu na ngozi, sentimeta mbili ao tatu za kwanza, kwa sababu hapo njo kuna rangi ya kuzaliwa. Anarudilia nyuma ya kichwa, kwenye shingo, maana nywele za mbele zimepigwa na jua.

Kwa wakaaji wengi wa Kivu, jibu litakuwa 1, 2, ao 3. Dada wa Kadutu yuko pa 2. Lakini kwenye ncha kuna hesabu ingine: mwaka jana alipaka rangi nyeusi ya dukani. Hapo yuko pa 1, tena 1 ya kupakwa, si ya kuzaliwa.

Hesabu ya kupanda

Rangi ya kudumu haifanyi kazi yenyewe. Inachanganywa na oksidan, ile maji ao krimu nyeupe ya chupa ya pili. Oksidan inafungua nywele na kupunguza rangi ya kuzaliwa, na wakati huohuo rangi mupya inaingia. Nguvu yake inaandikwa kwa volimu: 10, 20, 30 ao 40. Ya 20, yenye asilimia 6, inapandisha nivo moja ao mbili. Ya 30 inapandisha mbili ao tatu. Kartoni nyingi za kujipakia nyumbani zina nguvu ya karibu na 20.

Sasa hesabu inakuwa nyepesi. Dada anatoka pa 2. Akipanda mbili, anafika 4. Kartoni inasema 7. Kunabaki nivo tatu ambazo hakuna kitu ndani ya kartoni kinachoweza kuzijaza. Mwanamuke wa kwenye picha alipakwa rangi akitoka pa 6 ao zaidi, na kipande cha 7.3 cha kwenye karatasi ya rangi kinaonyesha rangi pa nywele ambazo zimekwisha kuwa za kuangaza. Ndiyo sababu kartoni nyingi zina picha ndogo nyuma, zenye nywele mbili ao tatu za kuanzia na matokeo ya kila moja. Kama kati ya hizo hakuna nywele inayofanana na ya mununuzi, kartoni hiyo haikutengenezwa kwa ajili yake.

Wekundu nao ulitoka wapi? Ulikuwa ndani. Nywele nyeusi zikipunguzwa rangi, haziendi moja kwa moja kwenye asali. Zinapita kwanza kwenye nyekundu nzito, pa nivo ya 4 zikiwa nyekundu, pa 6 zikiwa rangi ya chungwa, na ni karibu na 8 tu ndipo zinakuwa za manjano. Dada alifunguliwa mpaka kwenye wekundu na kuachwa hapo. Zahabu ya 7.3 ni nyepesi, haiwezi kufunika wekundu huo. Karibu na ngozi ulionekana zaidi kwa sababu joto la kichwa linaharakisha kazi ya oksidan.

Na ncha? Hapo kuna kanuni ambayo makoafeze wote waliosomea wanaijua: rangi haitoi rangi. Oksidan ya kartoni inapunguza rangi ya kuzaliwa, lakini rangi nyeusi iliyokwisha kupakwa inabaki. Ile inahitaji poda ya kutoa rangi, kazi ingine kabisa.

Kuongeza volimu si dawa

Wengine wakiona hivi wanatafuta oksidan ya 40. Hata hiyo haimufikishe mutu wa nivo 2 kwenye 7 kwa rangi peke yake, na pa ngozi inachoma. Njia ya kufika 7 kutoka 2 ni poda ya kutoa rangi, mara nyingi kwa vikao zaidi ya kimoja, kisha rangi ya 7.3 juu yake. Kwa nywele zilizonyooshwa kwa dawa kuna hatari zaidi, kwa sababu dawa ya kunyoosha imekwisha kudhoofisha nywele. Poda ikiwekwa juu, zinaweza kukatika mukononi wakati wa kuoshwa. Alama ya kuzijua ni hii: nywele zikiwa na maji, mutu akivuta moja polepole, inanyooka sawa kautchu na hairudi. Nywele za namna hiyo haziguswe na poda. Hata kwa rangi ya kawaida, kati ya dawa ya kunyoosha na rangi ipite angalau majuma mawili.

Namba za meshi ni zingine

Kuna mutego mumoja zaidi. Pakiti za meshi zina namba pia: 1, 1B, 2, 4, 27, 30, 33, 613. Hizo hazifuate nivo. 27 ni asali, 33 ni kahawia yenye wekundu, 613 ni blondi ya kuangaza. Mwenye kusuka meshi ya 30 asitafute kartoni ya 30 ili nywele zake zifanane nayo. Namba 30 atakayoiona kwenye chupa ni nguvu ya oksidan, si rangi. Afanye kitu kimoja tu: apeleke meshi yenyewe pembeni ya karatasi ya rangi, akiwa karibu na dirisha.

Dada wa Kadutu angechagua nini?

Kwa nywele zake za nivo 2, na oksidan ya 20, kartoni ya 4 ndiyo inafikika. Akichukua 4.6 ao 4.4, wekundu ulio ndani ya nywele unafanya kazi pamoja na rangi, haupigane nayo. Kivulini ataonekana na kahawia nzito, kwenye jua wekundu utaonekana. Ncha zenye rangi nyeusi ya zamani hazitafuata. Atazikata, ao atazificha ndani ya musuko. Kama anataka asali tu, meshi ya 27 itamupa asali bila kugusa nywele zake.

Na angenunua kartoni siku ya tatu, si siku ya tano jioni. Siku hiyo ya tatu angepaka tone la rangi nyuma ya sikio, vile karatasi ya ndani inavyoeleza, na kungojea saa 48. Kukiwasha, kukivimba ao kukitoka malengelenge, asipake hata kama rangi ni nzuri. Siku hiyohiyo angechukua kifungu kimoja chembamba cha nywele za chini, karibu na shingo, akichanganya kijiko kidogo tu cha rangi na oksidan kwa kipimo cha karatasi, angengoja dakika zilizoandikwa, angeosha na kukausha. Kukausha ni lazima, maana nywele zenye maji zinadanganya.

Kifungu hicho kingemuonyesha nywele zake zinafika wapi kweli. Kama kingetoka chekundu sawa tofali, kingekuwa kidogo, chini ya nywele zingine, na posho ingekuwa bado mbele.