Lundo la Klinka na Sahihi ya Mkaguzi

Tuseme kiwanda cha saruji kinafunga hesabu za mwaka kikiwa na lundo kubwa la klinka, yaani madonge yatokayo kwenye tanuri kabla ya kusagwa kuwa saruji. Lundo hilo halipandi mizani. Kampuni humwita mpima ardhi, naye hupata ujazo wake na kuuzidisha kwa uzito wa mita moja ya ujazo. Mkaguzi wa nje hana ujuzi huo, lakini maoni juu ya hesabu ni yake peke yake, na hawezi kumtwika mpima wajibu huo.

Kwa kuwa mpima ameletwa na kampuni, Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi namba 500 ndicho kinachotumika. Angeletwa na mkaguzi, kingekuwa namba 620. Vyote viwili vinataka kujua umahiri wake, uhuru wake na ubora wa kazi yenyewe. Leseni ni mwanzo tu. Aliyezoea kupima viwanja huenda hajawahi kupima lundo, na mwenye zabuni nyingine kwa kampuni ileile ana sababu ya kuiridhisha.

Kazi yenyewe ndiyo hubeba hatari kubwa. Ripoti inasema mita za ujazo 20,000, kwa tani 1.5 kila moja: tani 30,000. Ujazo kaupima mtaalamu, ila ile 1.5 mara nyingi hutajiwa na kiwanda, na ripoti huibeba bila kuijaribu. Ikiwa uzito halisi ni 1.4, tani ni 28,000. Kwa gharama ya shilingi 150,000 kwa tani, klinka ya shilingi milioni 300 haipo. Kama kosa la milioni 200 linatosha kupotosha hesabu, ripoti hiyo haitegemeki mpaka sampuli kutoka sehemu mbalimbali za lundo zijazwe kwenye kasha la ujazo unaojulikana na kupimwa uzito, mkaguzi akishuhudia. Aulize pia usawa wa ardhi chini ya lundo ulichukuliwa wapi, maana sakafu iliyodhaniwa huongeza au kupunguza tani bila yeyote kuona.

Je, wakaguzi wa ndani wa kiwanda wangeweza kuifanya kazi hiyo? Kiwango namba 610 huwapima kwa hadhi yao katika kampuni, umahiri wao na utaratibu wa kazi zao. Wakiripoti kwa kamati ya ukaguzi ya bodi na majalada yao yakiwa kamili, mkaguzi wa nje anaweza kutumia hesabu yao ya vipuri ghalani, akirudia mwenyewe kuhesabu baadhi. Uamuzi kuhusu uzito wa klinka abaki nao mwenyewe, kwa sababu umejaa makadirio. Na wakiwa chini ya mkurugenzi wa fedha, hoja nzito za rasimu zikitoweka katika ripoti ya mwisho bila maelezo, hata ile hesabu ya vipuri mkaguzi wa nje aifanye upya mwenyewe.