Ubao Mmoja Unaojenga Kasha Zima

Wengi wanaoanza kuunda vitu vya 3D kwa Blender hutengeneza ubao mmoja wa kasha, wakaunakili mara tisa, wakapanga kila nakala mahali pake, kisha wakalainisha kingo zote kwa mkono. Kasha linapendeza mpaka mwenye kazi aseme mbao ni nyembamba mno. Hapo kila nakala inabidi irekebishwe peke yake. Mimi naona ni bora nakala zisichongwe kabisa, zibaki kuwa hesabu ambayo programu huipiga upya kila ubao wa kwanza unapobadilika. Hesabu za namna hiyo huitwa modifaya, na kwa kasha zinatosha tatu: Mirror, Array na Bevel.

Tuchukue kasha la mizigo lenye urefu wa mita 1.2, upana wa mita 0.8 na kimo cha mita 0.8. Fremu yake ina unene wa sentimita 8, hivyo kati ya boriti ya chini na ya juu panabaki sentimita 64. Mbao tano za sentimita 12, zikiachiana mwanya wa sentimita 1, zinaijaza nafasi hiyo barabara.

Anza na mchemraba mmoja uliokaa katikati ya sakafu ya kasha. Bonyeza Tab uingie Edit Mode, uupunguze uwe ubao wa mita 1.04 kwa 0.12, unene 0.03, kisha uusogeze hadi ubavuni, juu ya boriti ya chini. Kazi hii ifanyike humo humo Edit Mode. Kitovu cha kitu, ile nukta ndogo ya rangi ya chungwa, kitabaki katikati ya kasha, na Mirror huanzia kwenye kitovu hicho. Ukiusogeza ubao katika Object Mode, kitovu kinaufuata, na nakala inaangukia juu ya ubao wenyewe: umeongeza Mirror, lakini upande wa pili hauoni kitu.

Sasa ongeza modifaya kwa mpangilio huu, ukizima Relative Offset kwenye Array na mhimili wa X kwenye Mirror:

```
Array    Count 5, Constant Offset Z 0.13 m
Mirror   Axis Y
Bevel    Amount 0.004 m, Segments 2
```

Relative Offset huhesabu hatua kwa ukubwa wa ubao, kwa hiyo ukiunenepesha ubao, mwanya nao unabadilika. Constant Offset hushika kipimo ulichokiandika. Bevel, kwa milimita 4 tu, huvunja makali ya kingo. Mbao halisi haina ukingo mkali kama wembe, na ule ukanda mwembamba unaonasa mwanga ndio unaolifanya kasha lionekane zito. Ulichochonga kina nyuso 6. Kwenye skrini sasa zipo 540, na bado unashughulika na zile sita.

Ikiwa kingo zimelainika kwa upana usiolingana, ubao ulinyooshwa katika Object Mode. Bonyeza Ctrl+A, uchague Scale. Na ikiwa unaongeza Amount lakini Bevel haiendelei kukua, Clamp Overlap imeizuia, mara nyingi kwa sababu ya nukta mbili zilizolaliana. Chagua nukta zote, bonyeza M, kisha By Distance.

Mpangilio wa modifaya una uzito kuliko wanaoanza wanavyodhani, kwa kuwa Blender huzisoma kutoka juu kwenda chini. Kifuniko kinalionyesha hili vizuri. Chonga ubao wa upana wa sentimita 14 unaoanza nusu sentimita kulia kwa kitovu, uupe Array ya mbao nne kwa hatua ya mita 0.15 kwenye X, kisha Mirror ya X. Unapata mbao nane zilizoenea sawa pande zote mbili, jumla mita 1.19. Ukiitanguliza Mirror, Array inabeba jozi nzima na kuisogeza kulia: kushoto panabaki ubao mmoja tu, na katikati mbao zinalaliana, nyuso zao zikitoa madoa yanayometameta ukizungusha kasha.

Fremu inachongwa robo tu, kisha Mirror ya X na Y huimalizia. Washa Clipping, na ufute nyuso za ncha zinazogusa mstari wa katikati. Zikibaki, ukuta uliofichika unakaa ndani ya boriti, na Bevel inakatika hapo.

Mwenye kazi akitaka mbao saba ubavuni, badilisha Count kuwa 7. Mbao zinafika sentimita 90, lakini fremu haijui, kwa hiyo chagua nukta zake za juu uziinue sentimita 26, na kifuniko nacho ukipandishe vivyo hivyo. Njia hii ina mipaka mingine pia: kila nakala hurithi nyuzi zile zile za mbao, na maandishi yakipitia Mirror yanasomeka kinyume. Neno kama JUU liandikwe kwenye kitu chake pekee, nje ya modifaya hizi. Faili la mchezo wa kompyuta nalo litahitaji nyuso halisi, nazo hutolewa wakati wa kusafirisha kwa Apply Modifiers, huku faili la .blend likibaki na ubao wake mmoja.