Kwa Nini Stima Hupitia Transfoma Kabla ya Kufika Nyumbani

Nyaya zinazosambaza stima vijijini huweza kubeba volti 11,000, ilhali nyumba hutumia volti 240. Sababu ni joto. Kusafirisha kilowati 48 kwa volti 240 huhitaji ampea 200. Kwa volti 11,000, takriban ampea 4.4 zatosha. Mkondo ukipungua hivyo, stima inayopotea kama joto katika waya uleule hupungua zaidi ya mara 2,000.

Transfoma iliyo juu ya nguzo ndiyo hushusha volti. Koili zake zimezamishwa katika mafuta yanayozipoza na kuzikinga. Mafuta yakiibwa au yakivuja, koili huungua na kijiji hubaki gizani. Ukiona mafuta chini ya nguzo, usikaribie. Pigia Kenya Power simu, nambari 97771.